R ya Kihispania hupigwa na hewa, na r ya Kifaransa haitoki kooni

Swali: "Najifunza Kihispania na Kifaransa kwa pamoja. R ya 'perro' hainitoki kabisa, ulimi unakwama au natamka r moja tu kama ya Kiswahili, ingawa kila siku nafanya mazoezi ya kupiga ulimi haraka haraka. R ya Kifaransa nayo inanitoka kama 'kh' nzito, na nikisoma ukurasa mmoja koo linawasha. Ulimi na koo viwe wapi hasa, na mazoezi yapi yanasaidia?"

Jibu:

Ndugu msomaji, matatizo yako ni mawili, na kila moja lina chanzo chake. Katika Kihispania unaituma misuli ya ulimi ifanye kazi ambayo kwa kweli ni ya hewa, na katika Kifaransa unaikwaruza hewa mahali pa chini mno na kwa nguvu nyingi mno. Nitakaa zaidi kwenye Kihispania, kwa kuwa huko ndiko wanafunzi wengi hukwama kwa miezi, ilhali kwenye Kifaransa msemaji wa Kiswahili huanza safari akiwa amekwisha kufika nusu ya njia.

Tuanze na r uliyo nayo. Vitabu vya sarufi huiita r ya Kiswahili kimadende, yaani sauti ambayo ulimi hupigapiga ufizi mfululizo. Hata hivyo, ukitamka neno "habari" kwa kasi ya mazungumzo ya kawaida, utahisi kwamba ncha ya ulimi inaugusa ufizi mara moja tu na kuondoka. R hiyo ya mguso mmoja ipo katika Kihispania vilevile, nayo ndiyo ya neno "pero", lenye maana ya "lakini". Neno "perro", yaani mbwa, lina kimadende halisi ambacho huwa na miguso miwili au mitatu. Tofauti hiyo hubeba maana: "caro" ni ghali, "carro" ni gari; "ahora" ni sasa, "ahorra" ni anaweka akiba. Kwa hiyo usiiache r yako ya mguso mmoja, maana utaihitaji. Unachokosa ni sauti ya pili, na makosa ya wengi ni kudhani kwamba ya pili ni ya kwanza iliyorudiwa haraka.

Sivyo ilivyo, na hesabu ndogo itaonyesha kwa nini. Mtu akitamka "dadada" kwa kasi yote aliyo nayo, ulimi wake hugusa ufizi takriban mara sita au saba kwa sekunde, kwa kuwa kila mguso unahitaji amri yake kutoka ubongoni. Katika kimadende ncha ya ulimi hupiga mara 25 hadi 30 kwa sekunde, na zile mara mbili tatu za "perro" humalizika ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, au hata chini ya hapo. Hakuna misuli ya ulimi iwezayo kufuata mwendo huo kwa amri. Ndiyo maana mazoezi yako ya kupiga ulimi haraka yamekupa r moja nzuri, na hayatakupa kimadende hata ukiyafanya mwaka mzima.

Kinachotokea hasa ni hiki. Ncha ya ulimi huegemea ufizi kwa wepesi na kuziba njia ya hewa. Hewa itokayo mapafuni hujikusanya nyuma yake mpaka ikaisukuma ncha na kupenya. Inapopenya kwa kasi kwenye upenyo huo mwembamba, shinikizo hapo hushuka, na ncha, ambayo nayo ina unyumbufu wake, huvutwa na kurudi ilikokuwa. Njia huziba tena na mzunguko huanza upya. Wewe unachofanya ni kuuweka ulimi mahali pake na kupeleka hewa. Ili uamini jambo hili kabla ya kurudi kwenye ulimi, legeza midomo na uipulize mpaka itikisike kama anavyofanya farasi anapopumua kwa nguvu. Utaona kwamba huwezi kuichezesha midomo kwa kasi ile kwa kukusudia. Inachezeshwa na pumzi, na ukiikaza kidogo tu, inanyamaza.

Sasa mkao wenyewe. Gusisha ncha ya ulimi kwenye ufizi, ule ukingo ulioinuka nyuma ya meno ya juu ya mbele, mahali pale pale pa n ya Kiswahili. Kingo mbili za ulimi, ya kulia na ya kushoto, zigusane imara na magego ya juu, ili hewa isipate pa kutorokea pembeni. Katikati ya ulimi, nyuma ya ncha, pabonyee kidogo kama kijiko. Meno ya juu na ya chini yaachane kwa nafasi ndogo, kama unene wa penseli. Taya likifunguka zaidi ya hapo, ulimi hulazimika kujinyoosha kuufikia ufizi, na ulimi ulionyooshwa huwa mgumu. Siri yote ya mkao huu ni kwamba kingo ziwe imara huku ncha ikiwa legevu, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu anayejitahidi kukaza kingo hujikuta ameikaza na ncha pia.

Nitakueleza kisa cha mwanafunzi mmoja niliyemfundisha, kwa kuwa hali yake ilifanana na yako. Alikuwa amefanya mazoezi ya "dadada" kwa wiki tatu, na kila alipojaribu "perro" alitoa ama "pero", ama mvumo wa hewa usio na mpigo wowote. Nilimwambia auweke ulimi kana kwamba anataka kutamka rr, asitoe sauti, kisha avute hewa ndani kwa mdomo bila kuuhamisha ulimi. Hewa inayoingia ni baridi kuliko kinywa, kwa hiyo mahali inapopita huhisiwa ubaridi, na katika kimadende ubaridi huo unatakiwa uwe mbele, kwenye ncha. Yeye aliuhisi shavuni upande wa kulia, karibu na gego la mwisho. Ukingo wa kulia wa ulimi wake haukuwa umeziba, na hewa yote iliyopaswa kuichezesha ncha ilikuwa ikitorokea huko. Jaribio hili huchukua sekunde tano, na ninakushauri uanze nalo kabla ya zoezi lolote, kwa sababu mwenye uvujaji wa pembeni na mwenye ncha iliyokakamaa wote husikika wameshindwa kwa namna moja, lakini dawa zao si moja.

Dawa ya kuvuja ni n. Unapotamka "nnn" kwa kuirefusha, ulimi huziba pande zote bila wewe kuufikiria, maana hewa yote hutokea puani. Nilimwambia aishikilie n hiyo, abane pua kwa vidole viwili, na papo hapo asukume pumzi kama anayepuliza vumbi, huku akiiachia ncha peke yake ilegee. Mara za kwanza alitoa d, kwa sababu aliuondoa ulimi wote kwa pamoja. Siku ya pili aliacha kuuondoa ulimi na kuiachia hewa iutoe, na ukasikika mpigo wa miguso minne au mitano, mkavu, bila sauti ya koo, kama kijiti kinachoburutwa kwenye uzio. Huo usiokuwa na sauti ya koo ndio ninaotaka uanze nao. Nyuzi sauti zinapotetema hutumia sehemu ya shinikizo la hewa, hivyo ulimi hubakiwa na kidogo. Zikinyamaza, ulimi hupata pumzi yote, na kimadende hupatikana kwa urahisi zaidi.

Kama tatizo lako ni ncha iliyokakamaa na si uvujaji, njia nzuri zaidi ni kupitia t. Tamka "t" yenye pumzi nyingi na uiendeleze pumzi hiyo huku ncha ikibaki karibu sana na ufizi: "trrr", kwa mnong'ono. Usijali ukipata mvumo tu siku ya kwanza. Sogeza ncha nyuma kwa kiasi cha milimita moja, ujaribu, kisha mbele, ujaribu tena, kwa sababu eneo linalokubali ni dogo na kila kinywa kina lake. Dakika tano mara tatu kwa siku ni bora kuliko nusu saa mfululizo, maana ulimi uliochoka hukakamaa wenyewe. Nywa maji kidogo kabla ya kuanza. Ulimi mkavu hunata kwenye ufizi na hauchezi.

Mpigo wa mnong'ono ukikutoka mara nane katika kumi, ongeza sauti. Anza kwa mnong'ono na uiingize sauti katikati, bila kuukatiza mpigo: "trrr" inayogeuka "drrr". Kisha uweke irabu mbele na nyuma, na hapa ninakusihi uanze na a, yaani "arra", uende kwenye "orro" na "erre", na uiache "irri" iwe ya mwisho, kwa sababu i huinua katikati ya ulimi na kukiharibu kile kijiko tulichokitengeneza. Baada ya hapo ingia kwenye maneno ambayo kimadende hutanguliwa na n, kama "honra" na "Enrique", kwa kuwa n imekwisha kukuzibia pembeni. "Perro" na "carro" zifuate, na mwisho kabisa maneno yanayoanza na r, kama "rosa" na "rey", ambayo ni magumu kwa kuwa hayana sauti ya kuyatangulia.

Hii inatufikisha kwenye kanuni ambayo si ndefu. Kimadende hutamkwa panapoandikwa rr katikati ya irabu, mwanzoni mwa neno hata kama imeandikwa r moja, na baada ya n, l au s, kama katika "alrededor" na "Israel". Katikati ya irabu, r moja ni mguso mmoja, na vivyo hivyo inapofuata konsonanti kama t, p au g: "tres", "pronto", "grande". Mwishoni mwa silabi, kama katika "mar" au "puerta", namna zote mbili hukubalika, na mguso mmoja ndio wa kawaida zaidi.

Ili kujua kama umefika, jirekodi kwa simu ukisema "pero, perro, pero, perro", kisha usikilize kwa kasi ya nusu. Ukisikia mpigo mmoja kwenye yote mawili, bado. Ukisikia mipigo saba, umepita kiasi, na hilo ndilo kosa la wale waliofurahi mno kwa kuipata sauti: mzungumzaji wa Kihispania hurefusha rr namna hiyo anapotia chumvi au anapokasirika. Usivunjike moyo pia kwa kuchelewa, kwa maana watoto wanaozaliwa ndani ya lugha hiyo huipata rr miongoni mwa sauti zao za mwisho, wengi wakiwa na miaka mitano au sita. Jambo moja tu la kimaumbile laweza kukuzuia: ule utando ulio chini ya ulimi ukiwa mfupi sana. Fungua kinywa wastani na uinue ncha. Kama haiufikii ufizi, au ikijigawa katikati mfano wa umbo la moyo, mwone daktari au mtaalamu wa matamshi kabla ya kuendelea kujilaumu.

Sasa Kifaransa. Wengi huiita r yake "r ya kooni", na nadhani jina hilo ndilo lililokuumiza koo. Sauti hii haitoki kooni. Inatengenezwa juu ya hapo, mahali ambapo sehemu ya nyuma ya ulimi huinuka na kuukaribia mwisho wa kaakaa laini pamoja na kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ambacho wengine hukiita kimeo. Simama mbele ya kioo ukiwa na tochi, sema "aaa", na utakiona. Koo lenyewe, pamoja na kikoromeo chako, halina kazi nyingine hapa isipokuwa kutoa sauti ya kawaida kama inavyotoa kwenye irabu. Ukihisi muwasho unaokufanya utake kukohoa, umeshuka chini mno au umebana mno. Mara nyingi ni vyote viwili.

Nimesema uko nusu ya njia kwa sababu una gh. Tamka "ghali", "lugha", "ghafla". Hiyo gh hutengenezwa kwa nyuma ya ulimi kukaribia kaakaa laini, na hewa hupita kwa mkwaruzo mwepesi pamoja na sauti ya koo. R ya Kifaransa ni jirani yake wa nyuma: ukiirudisha gh kiasi kidogo tu kuelekea kilimi, na kupunguza mkwaruzo, umefika. Tatizo lako la "kh" maana yake ni kwamba mahali pako pamekaribia kuwa sahihi, ila umeizima sauti ya koo na kuongeza nguvu ya hewa. Weka vidole viwili juu ya kikoromeo na useme "kh" ndefu, hakitetemi. Sema gh ndefu, kinatetema. R ya "Paris" na ya "rouge" inataka kutetema huko.

Kazi ya ncha ya ulimi katika sauti hii ni kutulia. Iegemee nyuma ya meno ya chini na isiondoke. Mazoea ya r ya Kiswahili yatataka kuiinua, kwa hiyo siku za mwanzo izuie kwa ncha ya kidole safi au mpini wa kijiko, kisha useme "agha, agha, agha" polepole, kila mara ukiirudisha gh nyuma kidogo na kuilainisha, mpaka mkwaruzo ukaribie kutoweka na ibaki kama irabu iliyofifia. Hapo ondoa kidole na useme "Paris". Wako walimu wanaowaanzisha wanafunzi kwa kusukutua maji kooni. Njia hiyo hukionyesha kilimi kilipo, hilo sikatai, lakini humfundisha mtu mtetemo mkubwa ambao baadaye hulazimika kuusahau, na kwa mwenye gh kinywani sioni sababu ya kupitia huko.

Kwa maneno, anza na yale ambayo r hufuata g, kama "grand", "gras" na "gris", kwa kuwa g imekwisha kuupeleka ulimi nyuma. Iachie g pole pole, na r itakuwa ndiyo mabaki yake. Endelea na r iliyo katikati ya irabu, kama "Paris" na "arrêter", kisha ya mwishoni, kama "mer" na "partir", ambayo ni dhaifu sana, kiasi kwamba wanafunzi wengi huitamka kwa nguvu mara mbili ya inavyostahili. Maneno kama "rue" na "rire" yaache mwisho, kwa kuwa irabu zake huvuta ulimi mbele wakati r inautaka nyuma. Na hapa kuna jambo litakalokufariji: "kh" yako haipotei bure. Baada ya p, t na k, r ya Kifaransa kwa kawaida hupoteza sauti ya koo na kusikika kama kh nyepesi, kwa mfano katika "très", "prendre" na "croire". Kwa hiyo katika "prendre" r ya kwanza ni ya mnong'ono na ya pili, baada ya d, ina sauti. Neno hili moja, likitamkwa pole pole huku vidole vikiwa kwenye kikoromeo, linatosha kukufundisha namna zote mbili.

Kwa upande wa kueleweka, makosa ya Kifaransa hayana gharama kama ya Kihispania. R ya ncha ya ulimi ndiyo iliyokuwa ya kawaida katika Kifaransa karne zilizopita, na mamilioni ya wanaokizungumza Afrika huitumia hadi leo bila kueleweka vibaya. Anayepaswa kujihadhari ni yule ambaye r yake huelekea kuwa l, kwa sababu "rire" ni kucheka na "lire" ni kusoma, "roi" ni mfalme na "loi" ni sheria.

Kwa kuwa unajifunza lugha zote mbili kwa wakati mmoja, ongeza zoezi moja baada ya sauti zote mbili kusimama, na si kabla ya hapo. Chukua maneno yanayokaribiana: "tres" ya Kihispania na "très" ya Kifaransa, "rosa" na "rose", "raro" na "rare". Kabla ya kutamka kila neno, nyamaza sekunde moja na uulize ncha ya ulimi iko wapi. Kwa Kihispania iwe juu, imegusa ufizi kwa wepesi. Kwa Kifaransa iwe chini, nyuma ya meno. "Raro" ndiyo yenye mtego zaidi, kwa kuwa r yake ya kwanza ni kimadende na ya pili ni mguso mmoja, wakati r zote mbili za "rare" hutengenezwa nyuma kabisa, ncha ikiwa imelala pale pale tangu mwanzo wa neno hadi mwisho.